Mtoto wa Miezi Tisa Mtihanini: Maji Kwanza, Hukumu ya Chati Baadaye

Wanafunzi wengi wa uuguzi na utabibu husoma mada tatu za watoto kana kwamba hazijuani: chati ya ukuaji, hatua za makuzi, na upungufu wa maji mwilini kwa mtoto mchanga. Kila mada ina daftari lake na usiku wake wa kukesha. Mtihani, hasa ule wa vituo wa OSCE, mara nyingi huzileta zote katika mtoto mmoja. Anayejua kila mada peke yake hukwama papo hapo, kwa sababu hajui aanze na ipi na ipi inaweza kumdanganya kuhusu nyenzake.

Mwongozo huu unamfuata mtoto mmoja kutoka mlangoni hadi kesho yake asubuhi. Ni mtoto wa mfano, lakini ukisomea au ukifanya mazoezi Voi, mtoto wa namna hii utamwona. Nyanda za chini za Taita Taveta, kuanzia Maungu na Kasigau hadi pande za Mwatate, ni kame. Maji ya nyumbani mara nyingi ni ya kununua kwa mtungi au ya kuteka mbali, na kuharisha kwa watoto hakukosekani. Shika jambo moja tangu mwanzo: mtoto aliyepungukiwa na maji hudanganya mizani, hudanganya chati, na hudanganya hata vipimo vya makuzi. Kwa hiyo maji hutangulia.

Mtoto mwenyewe

Mama analeta mtoto wa kiume wa miezi 9. Ameharisha kwa siku mbili, kinyesi cha majimaji kisicho na damu, na ametapika mara chache. Mizani inasoma kilo 6.8. Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto kinaonyesha alizaliwa kwa wakati wake akiwa na kilo 3.2, kwenye chanjo ya wiki 14 alikuwa na kilo 6.2, na alipotimiza miezi 6 alikuwa na kilo 7.3. Baada ya hapo kurasa ni tupu. Urefu wake leo ni sentimita 70. Mzunguko wa mkono, kwa utepe wa MUAC, ni sentimita 12.7.

Wengi wakisikia hayo hukimbilia chati, wakatia nukta kwenye kilo 6.8 na kutamka kwamba mtoto ana utapiamlo. Usifanye hivyo. Uzito huo ni wa kukokotolea dozi ya maji. Uandike, na pembeni yake uandike kwamba umepimwa mtoto akiwa amepungukiwa na maji. Hukumu ya lishe ingoje.

Hatua ya kwanza: je, yuko hatarini sasa hivi?

Kabla ya kutafuta upungufu wa maji, tafuta mshtuko wa mzunguko wa damu. Shika mkono wa mtoto usikie kama ni wa baridi, kisha pandisha kiganja chako taratibu kuelekea kwenye bega uone joto linaanzia wapi. Bonyeza ukucha au kifua, uachie, na uhesabu: wekundu ukichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, hiyo ni dalili mbaya. Pima mapigo ya mshipa, uone kama ni dhaifu. Angalia fahamu: je, yuko macho, anaitikia sauti, anaitikia maumivu tu, au haitikii kabisa? Mtoto mwenye dalili hizi anahitaji dripu mara moja na mtu wa kukusaidia. Maswali marefu yatasubiri.

Mtoto wetu ana mikono yenye joto, wekundu unarudi chini ya sekunde 2, na anakuangalia usoni huku akilia. Hana mshtuko. Mwambie mtahini hivyo kwa sauti, kwa sababu alama hutolewa kwa jambo ulilotafuta ukalikosa kama zinavyotolewa kwa ulilolipata.

Hatua ya pili: dalili nne

Mwongozo wa IMNCI unaotumika Kenya unakutaka uangalie mambo manne tu, na ukiyafanya vizuri yanatosha.

La kwanza ni hali ya mtoto. Amelegea au hana fahamu? Au hatulii, analialia kila akiguswa? Mtoto aliyelala si lazima awe amelegea. Mwamshe kwa msaada wa mama uone kama anaamka sawasawa.

La pili ni macho. Yakionekana yamezama, usijiamini peke yako. Muulize mama: "Mama, macho yake ni hivi siku zote, au yamebadilika tangu aanze kuharisha?" Mama anaijua sura ya mtoto wake, na jibu lake ni sehemu ya kipimo.

La tatu ni kunywa. Mpe maji kwa kijiko au kikombe. Yuko anayekunywa kwa pupa, akishika kijiko na kulia ukikiondoa. Yuko anayekunywa kwa shida, au asiyeweza kumeza kabisa. Hizi ni dalili mbili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo huamua kama atatibiwa kwa kikombe au kwa dripu. Usimwulize mama tu kama mtoto ana kiu. Mpe maji umwone akinywa.

La nne ni kufinya ngozi, na hapa ndipo mikono ya wanafunzi wengi hukosea. Mlaze mtoto chali, mikono iwe kando na miguu imenyooka. Chagua mahali katikati ya kitovu na ubavu. Tumia kidole gumba na cha shahada, si ncha za kucha, kwa sababu kucha huumiza. Mkunjo uwe wa kufuata urefu wa mwili, si wa kukata tumbo, na uinue ngozi pamoja na tabaka lililo chini yake. Shika kwa sekunde moja, uachie, utazame. Ngozi ikirudi papo hapo ni kawaida. Ukiona mkunjo umebaki hata kwa muda mfupi, ngozi imerudi polepole. Ukibaki zaidi ya sekunde 2, imerudi polepole sana.

Sasa pima uzito wa dalili hizo. Upungufu mkubwa unahitaji angalau mbili kati ya hizi: amelegea au hana fahamu, macho yamezama, hawezi kunywa au anakunywa kwa shida, ngozi inarudi polepole sana. Upungufu wa kiasi unahitaji angalau mbili kati ya hizi: hatulii na analialia, macho yamezama, anakunywa kwa pupa, ngozi inarudi polepole. Asiyefikia kundi lolote kati ya haya hana dalili za kutosha za kuitwa aliyepungukiwa na maji.

Macho yaliyozama yamo katika makundi yote mawili. Huo ni mtego. Mtoto wetu hatulii, macho yamezama na mama anathibitisha, anakunywa kwa pupa, na ngozi yake inarudi polepole lakini chini ya sekunde 2. Katika kundi la upungufu mkubwa ana dalili moja tu, nayo ni macho. Katika kundi la upungufu wa kiasi anazo zote nne. Jibu ni upungufu wa kiasi.

Ukiulizwa kuhusu utosi, sema kwamba unaweza kuwa umebonyea, ila haumo katika dalili nne zinazoamua kundi, na mtoto anapolia huweza kujaa na kukupotosha.

Hatua ya tatu: maji mangapi, kwa njia gani

Upungufu wa kiasi hutibiwa kwa Mpango B: mililita 75 za ORS kwa kila kilo, kwa muda wa saa 4, mtoto akiwa kituoni mbele ya macho yenu. Hesabu ni hii:

75 × 6.8 = 510

Kwa hiyo ni mililita 510, sawa na zaidi kidogo ya nusu lita. Usiishie hapo. Mama hawezi kufanya kazi na tarakimu ya mililita. Mililita 510 kwa dakika 240 ni kama mililita 2 kwa dakika, na kijiko cha chai ni mililita 5. Basi unamwambia mama: "Mpe kijiko kimoja cha chai kila baada ya dakika mbili. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha endelea taratibu zaidi. Akitaka kunyonya, mnyonyeshe." Maelezo hayo huonyesha kwamba unajua matibabu, si fomula tu.

Soma pakiti ya ORS uliyo nayo kabla ya kuchanganya. Ziko za nusu lita na za lita moja, na kuzikosea kunampa mtoto chumvi maradufu au nusu yake. Ongeza zinki: miligramu 20 kwa siku kwa mtoto wa miezi 6 na zaidi, miligramu 10 kwa aliye chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14. Baada ya saa 4 rudia dalili zote nne, uamue upya yuko kundi gani.

Mtahini akigeuza hadithi na kusema kwamba mtoto huyu amelegea na ngozi inachukua sekunde 3, umehamia Mpango C: jumla ya mililita 100 za Ringa lakteti kwa kilo kwa njia ya mshipa. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, mililita 30 kwa kilo huingia kwa saa 1, kisha mililita 70 kwa kilo kwa saa 5. Kwa kilo 6.8 hizo ni mililita 204, halafu 476. Aliyetimiza mwaka hupewa sehemu ya kwanza kwa dakika 30 na ya pili kwa saa 2 na nusu. Wanafunzi hubadilisha nyakati hizo kila mwaka, kwa hiyo kumbuka kwamba mdogo hupewa polepole zaidi.

Kuna mtoto mmoja ambaye kanuni hizi zote hazimfai, naye ni mwenye utapiamlo mkali. Amekonda, mafuta chini ya ngozi yameisha, kwa hiyo ngozi yake hurudi polepole na macho yake huwa yamezama hata akiwa na maji ya kutosha. Ukimpa dripu kwa kuamini dalili hizo, moyo wake unaweza kuelemewa. Asiye na mshtuko hutibiwa kwa mdomo kwa ReSoMal, mililita 5 kwa kilo kila nusu saa kwa saa 2 za kwanza, huku ukihesabu pumzi na mapigo kila mara. Ndiyo maana utepe wa mkono unatakiwa mapema.

Hatua ya nne: sasa fungua chati

Utepe wa MUAC ulisoma sentimita 12.7. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali, na kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni wa wastani. Mtoto wetu yuko juu ya mipaka hiyo, ingawa si mbali. Kipimo hiki ulikuwa na haki ya kukiamini tangu mlangoni, kwa sababu mkono haubadiliki sana kwa kupoteza maji. Watafiti waliopima watoto waliolazwa hospitalini Kilifi, hapa hapa pwani yetu, walichapisha mwaka 2011 matokeo yaliyoonyesha kwamba MUAC huathiriwa kidogo na hali ya maji kuliko uzito kwa urefu, wakapendekeza itumike kwa watoto wanaoharisha.

Kesho yake asubuhi mtoto anacheka na mizani inasoma kilo 7.3. Amerudisha nusu kilo ya maji. Gawa 0.5 kwa 7.3: ni karibu asilimia 7 ya uzito wake, ndani kabisa ya asilimia 5 hadi 10 tunayoitarajia katika upungufu wa kiasi. Mizani imethibitisha ulichokiona kwa macho na vidole.

Sasa weka nukta. Chati zilizomo katika kijitabu zimejengwa juu ya viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, vilivyotokana na watoto walionyonyeshwa vizuri nchini Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani. Kwa mvulana wa miezi 9, mstari wa kati uko kwenye kilo 8.9, mstari wa −1 kwenye 8.0, wa −2 kwenye 7.1 na wa −3 kwenye 6.4. Kwa kilo 6.8 za jana angeanguka chini ya −2 na kuitwa mwenye uzito pungufu. Kwa 7.3 yuko juu kidogo ya −2. Uzito kwa urefu unasema vivyo hivyo: kwa sentimita 70, mstari wa −2 ni kilo 7.2. Jana alikuwa chini yake, leo yuko juu yake kidogo. Mtoto ni yule yule, ila jana ungempa jina ambalo leo si lake.

Lakini usifurahi na kufunga kijitabu. Nukta moja inakwambia mtoto yuko wapi, na nukta mbili zinakwambia anaelekea wapi. Unganisha ya miezi 6 na ya leo: kilo 7.3 na kilo 7.3. Mstari umelala. Mvulana wa mstari wa kati huongeza kilo 1 nzima kati ya mwezi wa 6 na wa 9, na huyu hakuongeza chochote. Miezi 6 alikuwa juu ya mstari wa −1, leo amekaribia −2. Hili ndilo tatizo lake la lishe, na lilianza kabla ya kuharisha. Jibu la "yuko juu ya −2, kwa hiyo yuko sawa" hukosa alama kubwa kuliko zote katika swali hili.

Kinachofuata ni mazungumzo na mama. Ananyonya mara ngapi? Alianza kula nini, na uji una uzito gani? Uji mwepesi wa mahindi mara mbili kwa siku haumtoshi mtoto wa miezi 9, anayehitaji milo 3 hadi 4 pamoja na maziwa ya mama. Shauri vitu vilivyo karibu naye: uji mzito uliochanganywa na njugu zilizosagwa, kunde au pojo zilizopondwa, ndizi, mboga, yai likipatikana. Angalia pia ukurasa wa chanjo. Miezi 9 ni wakati wa chanjo ya surua na rubela, na vitamini A ilitakiwa kuanza miezi 6. Kurasa tupu za uzito mara nyingi huendana na miadi iliyokosekana.

Makosa mawili ya chati ni rahisi kuyaepuka. Tumia miezi iliyotimia: mtoto wa miezi 9 na wiki 3 huwekwa kwenye mstari wa 9, si wa 10. Na mtoto wa chini ya miaka 2 hupimwa urefu akiwa amelala. Ukimsimamisha, ongeza sentimita 0.7 kabla ya kusoma chati hiyo.

Hatua ya tano: makuzi, mtoto akiwa amepata nguvu

Jana mtoto huyu hakuweza hata kukaa. Ukiandika kwamba hakai akiwa na miezi 9, umepima ugonjwa wa siku mbili ukauita ucheleweshaji wa makuzi. Siku ya ugonjwa uliza tu: "Kabla hajaugua, alikuwa akifanya nini?" Kutazama kwa macho yako ni kazi ya leo.

Panga maswali yako katika maeneo manne. Misuli mikubwa: anakaa bila kushikwa? Mikono na macho: anahamisha kijiko kutoka mkono mmoja hadi mwingine, anajaribu kuokota punje kwa vidole? Sauti na kusikia: anageuka akiitwa jina, anatamka "mamama" na "bababa"? Mahusiano: anamtambua mgeni, anamng'ang'ania mama ukimchukua? Mtoto wetu anafanya yote hayo, na mama anasema alianza kukaa mwezi wa 7. Hatambai.

Hapo mtahini atakutazama. Je, kutotambaa kwa miezi 9 ni tatizo? Hapana. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, kukaa bila msaada hutokea kati ya miezi 3.8 na 9.2, kutambaa kwa mikono na magoti kati ya 5.2 na 13.5, na kutembea peke yake kati ya 8.2 na 17.6. Wapo watoto wazima kabisa wasiopitia kutambaa hata siku moja. Kwa hiyo usijifunze mwezi mmoja kwa kila hatua. Jifunze dirisha lake, na hasa lini linafunga.

Mambo yanayotaka rufaa ni machache: mtoto asiyetabasamu akitabasamiwa hata baada ya wiki 8, asiyekaa dirisha lilipofunga, asiyetembea kwa miezi 18, anayetumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka, na yeyote, wa umri wowote, aliyepoteza alichokuwa akikiweza. Na mtoto angezaliwa wiki 8 kabla ya wakati, ungeondoa miezi 2 katika umri wake, kwenye chati na kwenye makuzi, hadi atimize miaka 2. Miezi 9 yake ingekuwa 7, na hukumu zako zote zingebadilika.

Namna ya kufanya mazoezi

Omba ruhusa ya kukaa kliniki ya watoto asubuhi moja, iwe hospitali ya rufaa ya Moi pale Voi au zahanati iliyo karibu nawe. Chukua vijitabu vya watoto watano kwa idhini ya mama zao, na kwa kila kimoja sema kwa sauti jambo moja tu: mstari unapanda, umelala, au unashuka. Kisha finya ngozi ya watoto wazima kwa utaratibu uleule, ili vidole vyako vijue ngozi ya kawaida inavyorudi kabla hujakutana na isiyo ya kawaida. Nyumbani, fanya hesabu ya Mpango B na C kwa uzito wa kilo 4, 6.8 na 9 bila kikokotoo, na kila jibu la Mpango B uligeuze kuwa vijiko na dakika.

Siku ya mtihani ukiletewa mtoto anayeharisha, fuata mpango huu: mshtuko, utepe wa mkono, dalili nne, maji, kisha chati na makuzi mwili ukishapata maji. Mwanafunzi anayeanzia kwenye chati atampa mtoto jina la ugonjwa kabla hajampa kijiko cha kwanza, na huo si mpangilio wa mtihani wala wa wodi.